Handikapu ya Netiboli: Pengo Hukua Bila Jumla Kubadilika

Katika Kombe la Dunia la Netiboli la 2023 huko Cape Town, Uingereza na Australia zilikutana mara mbili. Hatua ya makundi Uingereza ilishinda 56-55. Siku chache baadaye, kwenye fainali, Australia ikashinda 61-45. Jumla ya mabao ilikuwa 111, kisha 106; si tofauti kubwa. Pengo ndilo lililoruka, kutoka bao 1 hadi 16, tena likahamia upande wa pili.

Tuseme kwenye fainali ile ulikuwa umempa Australia handikapu ya -8.5, yaani ashinde kwa mabao 9 au zaidi. Mkeka wako ungepita. Ungeweka hivyohivyo kwenye makundi, ungechanika.

Sababu iko kwenye kanuni. Baada ya kila bao, pasi ya katikati hutolewa kwa zamu, awe amefunga nani. Kila timu hutarajiwa kufunga kwenye zamu yake. Ukiinyang'anya mpira timu pinzani kwenye zamu yake kisha ukafunga, yenyewe imekosa bao lake na wewe umepata la ziada: pengo limesogea mabao 2, jumla iko palepale. Kwa hesabu hiyo, pengo la 16 linahitaji mipira minane tu ya namna hiyo, miwili kwa kila robo ya dakika 15. Timu zinazolingana kabisa zinaweza kuachana hivyo.

Jumla ina mambo yake: kasi, na shabaha ya wafungaji wawili wanaoruhusiwa kufunga. Nusu fainali za mashindano hayohayo, Australia na Jamaika zilimaliza 57-54, jumla 111. Uingereza na Nyuzilandi 46-40, jumla 86. Wastani ni 98.5, namba inayopendeza kuwekwa kama mstari wa juu au chini, ilhali hakuna kati ya mechi hizo mbili iliyoukaribia. Usibebe pia jumla za ligi ya Australia kwenda kwenye mechi za mataifa: tangu 2020 ligi hiyo ina mitupo ya pointi mbili katika dakika 5 za mwisho za kila robo.

Kwenye mpira wa mikono pia pengo huruka ghafla, ila huko hatari hukaa mwishoni. Timu iliyo nyuma humtoa kipa na kushambulia na wachezaji saba. Ikipoteza mpira, goli li wazi, na handikapu iliyokuwa salama hupinduka.

Odi za pande zote mbili zikiwa 1.90, lazima upatie karibu mara 53 katika 100 ili tu usipate hasara. Na kabla ya kuweka dau, soma kanuni za kampuni kuhusu dakika za nyongeza: mara nyingi mikeka ya mpira wa mikono huhesabiwa kwa dakika 60 tu.