Uso Mweusi Usiulazimishe Kufika 70

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa mafundi wanaogredi kwa laptopu au monita ambayo haijawahi kupimwa rangi. Nimechagua zile zinazohusu makosa ninayoyaona kila wiki kwenye video za harusi, na moja nimeijibu kwa urefu kwa sababu kosa lake limeharibu sura nyingi.

Shikamoo fundi. Uso wa bwana harusi ulikuwa unasoma 40 kwenye wevufomu. Niliambiwa ngozi sharti ifike 70, nikaupandisha. Kwenye kioo changu ulipendeza, lakini familia inasema bwana harusi amepauka na kanzu haina hata mkunjo. Nimekosea wapi? (Tanga)

Marahaba. Barua kama yako zimefika nne, nazijibu zote hapa.

Wevufomu inaipanga picha vilevile ilivyo kutoka kushoto kwenda kulia. Kimo cha alama ndicho mwanga wake: 0 ni nyeusi kabisa, 100 ni nyeupe kabisa. Ile namba 70 ilitokana na kupima sehemu zenye mwanga kwenye nyuso za Wazungu. Wapiga picha waliweka alama ya milia kwenye kamera ionekane ngozi hiyo inapofika hapo. Ilikuwa kipimo chao kwa watu wao. Mtu anayekufundisha kuwa kila uso ufike 70 anakufundisha kumchubua mteja wako.

Fikiria kilichotokea. Bwana harusi alikuwa 40 na kanzu yake 88, na hapo picha ilikuwa nzima. Ulipousukuma uso hadi 70, kanzu ilipanda nao, ikagonga 100 na kulala kama mstari ulionyooka juu ya wevufomu. Mikunjo ya kitambaa huonekana kwa tofauti ndogo za mwanga, na juu ya 100 tofauti hizo hazipo tena. Kivuli cha chini ya kidevu nacho kikapanda na kuleta chenga, na uso ukapoteza kina kinachoupa umbo.

Kwa nini kioo chako kilikubali? Laptopu nyingi hupunguzwa mwanga ili betri idumu. Kioo kikiwa hafifu, kila picha huonekana ya giza, na mkono hupandisha bila kufikiri. Wevufomu husoma faili lenyewe, kwa hiyo ungebadilisha mwanga wa kioo mara kumi, 40 ingebaki 40.

Kwa ngozi nyeusi iliyopigwa mwanga wa kutosha, mimi huacha sehemu kubwa ya uso kati ya 30 na 50, na mng'ao wa paji na mashavu ukifika 60 hivi hunitosha. Aliyeketi kivulini atakuwa chini ya hapo, na ni sawa. Ukitaka kuusoma uso peke yake, kata picha kwa muda ibaki ngozi tu, soma, kisha irudishe.

Basi hata ule mstari wa ngozi kwenye vektaskopu ni wa Wazungu, tuupuuze? (Mombasa na Dar es Salaam)

Hapana. Hapa ndipo watu huchanganya vipimo viwili. Vektaskopu haijui kabisa mwanga. Inaonyesha rangi imeelekea wapi, na imekolea kiasi gani kwa umbali wake kutoka katikati. Kitu cheupe, cheusi au cha kijivu hukaa palepale katikati. Ngozi huunda kiwingu kidogo kati ya nyekundu na manjano, karibu na pale mshale wa saa unapoelekea ikiwa saa tano.

Rangi ya ngozi hutoka kwenye melanini na damu iliyo chini yake, na viungo hivyo viwili vimo kwa kila binadamu. Melanini ikizidi, ngozi huwa nyeusi zaidi, yaani hushuka kwenye wevufomu, lakini mwelekeo wake haubadiliki sana. Mweupe na mweusi wakikaa kwenye mwanga mmoja, viwingu vyao vitakuwa jirani, kila kimoja kikiyumba kidogo upande huu au ule wa mstari. Kwa hiyo kimo cha uso ni cha mtu mwenyewe; mwelekeo ni wa watu wote.

Ila mstari huo unafaa kwa mwanga mweupe tu. Mtu aliyeketi chini ya taa ya bluu ya ukumbini hapaswi kuwa juu yake. Ukimvuta kwa nguvu, ukuta na nguo zitageuka rangi ambayo hakuna aliyeiona usiku ule.

Video nikiimaliza ni safi kwangu, lakini kwenye simu za wateja ina manjano. Kioo gani kinasema kweli? (barua tatu)

Usivishindanishe vioo. Laptopu nyingi huelemea bluu, nawe bila kujua unaongeza manjano ili kuifidia. Baada ya dakika chache jicho lako huzoea na kuiona picha hiyo kuwa ya kawaida. Skopu haizoei.

Tafuta kitu ambacho una hakika ni cheupe, kisha fungua Parade, inayotenganisha nyekundu, kijani na bluu. Tuseme kanzu inasoma nyekundu 86, kijani 90, bluu 79. Bluu iko chini na kijani iko juu: hiyo ndiyo manjano yenye ukijani wanayoiona wateja. Kwenye Gain shusha kijani na pandisha bluu hadi zote tatu zikaribie 86. Kisha tazama vektaskopu. Kanzu itakuwa imerudi katikati, na kiwingu cha uso kilichokuwa kimeelemea manjano kitakuwa kimesogea kwenye mstari bila wewe kuugusa uso.

Lakini uliza kwanza kanzu ni nyeupe kweli. Nyingi ni za rangi ya maziwa, na ukizilazimisha ziwe nyeupe utawatia watu bluu usoni. Ukiwa na shaka, tumia sahani, karatasi au kofia, na hakikisha vitu viwili vinakubaliana.

Histogramu haitoshi?

Haitoshi, kwa sababu haikuonyeshi ni sehemu gani ya picha imeungua.

Kanzu ikishaungua kwenye kamera, nikiishusha itarudi?

Itakuwa kijivu, na mikunjo haitarudi.

Nimeuziwa furushi la LUT, muuzaji anasema nikiwa nalo sihitaji skopu. (Arusha)

Umedanganywa. LUT ni jedwali la kubadili namba, nalo halijui kama klipu yako iliingia ikiwa na giza au na ukijani. Sahihisha kwanza kwa skopu, ndipo uiweke, kisha soma skopu tena, kwa maana nyingi huvuta ngozi kwenye chungwa.

Klipu zangu zote hazishuki chini ya 6 wala kuvuka 92, hata za usiku. Niongeze kontrasti?

Usiongeze kwanza. Kwa skopu ya 0 hadi 1023, hizo ni kama 64 na 940, mipaka ya ishara ya video. Yaelekea programu imelisoma faili kama la masafa kamili. Katika DaVinci Resolve nenda Clip Attributes, kisha Data Levels, uchague Video.

Nikiwa na skopu, nikae bila kupima monita milele?

Hapana. Skopu itakuambia kanzu haina rangi na uso hauna giza la kupita kiasi. Haiwezi kukuambia kama kivuli kinapendeza, wala kama nyekundu ya kitenge inachosha macho. Hayo huamuliwa na jicho, na jicho linahitaji kioo cha kweli. Mpaka siku utakapokipata, zima hali ya usiku, weka mwanga wa kioo mahali pamoja usiuguse kazi ikiendelea, na kila uso unaotaka kuung'arisha, usome kwanza kwenye wevufomu.