Barua za Makaribisho: Kila Moja Ifanye Kazi Moja

Mfanyabiashara anayeuza kwa mtandao anaweza kumtumia barua pepe chache za makaribisho kila mteja anayejiandikisha. Mara nyingi barua hizo hushindwa kuuza kwa sababu kila moja hubeba historia ya biashara, picha za bidhaa zote na viungo vingi vya kubofya. Msomaji hajui afanye lipi, hivyo hafanyi lolote.

Chukua mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki kinachouza asali. Kabla ya kuandika, kikundi kinajaza sentensi hii kwa kila barua: “Akimaliza kusoma, mteja atakuwa…” Sentensi ikihitaji “na pia”, barua hiyo igawanywe au ipunguzwe.

Barua ya kwanza hutumwa papo hapo. Kazi yake ni kutoa kilichoahidiwa wakati wa kujiandikisha, kama vile orodha ya bei. Haina jambo lingine.

Barua ya pili, siku ya pili, huondoa shaka moja kubwa: je, asali iliyoganda imetiwa sukari? Kikundi kinaeleza kwamba hata asali safi huganda, kwa kuwa glukosi iliyomo hugeuka chembechembe, na kwamba chupa ikiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu asali huyeyuka tena.

Barua ya tatu, siku ya nne, ndiyo ya kuuza. Inataja chupa moja tu, tuseme ya gramu 500, bei yake, gharama ya kuifikisha, na kitufe kimoja cha kuagiza. Mteja mpya akionyeshwa saizi sita huahirisha uamuzi.

Barua ya nne, siku ya saba, huwaendea ambao bado hawajanunua, na hujibu swali moja: chupa ikifika imevunjika, nani atagharamia? Kitufe ni kilekile cha barua ya tatu.

Aliyenunua aondolewe mara moja katika mfululizo huu. Kumhimiza anunue alichokwisha kulipia humfanya ashuku kama oda yake ilipokelewa.

Katika kupima matokeo, idadi ya barua zilizofunguliwa isiaminiwe sana, kwa sababu baadhi ya programu za barua pepe huhesabu barua kuwa imefunguliwa hata kabla haijasomwa. Hesabu waliobofya na walionunua. Wachache wakibofya barua ya tatu, irekebishwe barua yenyewe. Wengi wakibofya bila kununua, kasoro itafutwe kwenye ukurasa wa kuagiza: bei, usafirishaji au njia ya malipo.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mteja haki ya kukataa matangazo ya biashara. Kwa hiyo kila barua iwe na kiungo cha kujiondoa, na wanaotumiwa wawe wale tu waliokubali.