Kabla ya Kuskani Masjala Nzima, Anza na Majalada 25

Tuchukue mfano wa masjala ya ardhi yenye majalada 2,500, kila moja likiwa na wastani wa kurasa 40. Hizo ni kurasa 100,000. Kabla ya kuomba bajeti, fanya jaribio dogo.

Usichague majalada yaliyo safi. Pitia rafu kwa mpangilio na utoe kila jalada la mia. Utapata majalada 25, na ndani yake yatakuwemo yale yenye nakala za kaboni zilizofifia, ramani zilizokunjwa na barua za mkono. Chukua jalada zima, si ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu kufungua uzi, kung'oa pini na kunyoosha kona hufanyika jalada kwa jalada.

Andika muda wa kila hatua peke yake. Tuseme kurasa 1,000 za majalada hayo 25 zimechukua saa 8 za maandalizi, saa 6 za kuskani, na saa 11 za kuyapa mafaili majina na kuyakagua. Jumla ni saa 25, kwa hiyo masjala nzima itahitaji saa 2,500. Wafanyakazi wawili, kila mmoja akifanya saa 5 halisi kwa siku, watamaliza kwa siku 250 za kazi. Aliyehesabu kuskani peke yake angeahidi siku 60. Saa moja ikilipwa shilingi 4,000, malipo ya kazi ni milioni 10, yaani shilingi 100 kwa ukurasa, kabla ya mashine na diski za kuhifadhia.

Makosa nayo yapimwe kwa mafungu mawili. La kwanza ni la picha: hesabu kurasa za karatasi, kisha hesabu picha. Picha zikipungua, kuna karatasi mbili zilizopita kwa pamoja, au upande wa nyuma umesahauliwa. Angalia pia ukungu na kingo zilizokatwa.

Fungu la pili ni la maandishi yaliyosomwa na programu. Mtu achape upya kurasa chache kwa uangalifu, kisha ulinganishe herufi kwa herufi. Ukurasa wa taipu wenye herufi 2,000 na makosa 20 una kosa la asilimia 1. Ule wa mkono unaweza kukosewa herufi moja kati ya tano. Usichanganye wastani wa aina hizi mbili, maana taipu itaficha ubovu wa mkono.

Hata asilimia 1 haivumiliki kwenye namba ya kiwanja: 118 ikisomwa 113, jalada halitapatikana tena kwa kutafuta. Jina, namba na mwaka viingizwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha vilinganishwe. Muda wa kazi hiyo nao upimwe kwenye jaribio.

Usisaini mkataba wa kuskani masjala nzima kabla hujapata namba hizi tatu: saa, shilingi na makosa kwa kila kurasa 1,000.