Safari ya kundi kwenda Mikumi: panga bei kwa watu 14, si kwa Coaster iliyojaa

Safari ninayoiuza zaidi ni ya wikiendi: Dar hadi Mikumi kwa Coaster, Jumamosi kwenda na Jumapili kurudi. Wateja ni wafanyakazi wa ofisi moja, kwaya, au vijana waliosoma pamoja. Swali lao la kwanza ni moja tu: "Kwa kichwa shilingi ngapi?" Kabla sijalijibu, naligawa daftari pande mbili.

Upande wa kushoto naandika gharama za safari, zile ambazo nitazilipa hata akija mtu mmoja. Upande wa kulia naandika gharama za kichwa, zinazoongezeka kila mtu anapoongezeka. Bei nitakazotumia hapa ni za mfano. Wewe weka ulizopewa wiki hii.

Gari na mafuta

Ukimpigia mwenye Coaster atakwambia, "Laki tatu na nusu kwa siku, bosi." Usikate simu. Muulize mafuta ni ya nani, dereva anakula na kulala kwa nani, siku inahesabiwa hadi saa ngapi, na gari likiharibika njiani analeta jingine nani. Mara nyingi laki tatu na nusu hiyo ni chuma tu, na mengine yote ni yako.

Mafuta yapigie hesabu kwa kilomita. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 600. Ongeza mizunguko ya ndani ya hifadhi na kupitia watu vituoni, ufike 750. Coaster iliyojaa, kiyoyozi kikiwaka, naihesabia kilomita 6 kwa lita, kwa hiyo lita 125. Dizeli ikiwa shilingi 3,000, hiyo ni 375,000. Kumbuka EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ukitoa bei leo kwa safari ya mwezi ujao, bei hiyo ya dizeli ni ya kukisia.

Muongozaji na kiingilio

Muongoza watalii halipwi ujira wa siku tu. Anakula, analala, na anachukua kiti. Nikimkubalia 60,000 kwa siku, kwenye daftari naandika 200,000 kwa safari nzima, kwa sababu chumba na milo yake ni juu yangu.

Kiingilio nakichukua kwenye jedwali la TANAPA la mwaka huu wa fedha, sikiandiki kwa kumbukumbu. Mtanzania mtu mzima namwekea 5,000, na juu yake VAT ya asilimia 18, yaani 5,900. Gari nalo hulipiwa, na kiwango hufuata uzito wake, kwa hiyo omba picha ya kadi ya gari mapema. Mgeni kutoka nje hulipa mara kadhaa ya mwenyeji. Kundi likiwa na mgeni, mpe bei yake peke yake. Usimchanganye na wenzake, pengo hilo litakula faida yako.

Ratiba pia ni pesa. Kibali ni cha kuingia mara moja, kwa hiyo ukitoka kwenda kulala mjini kisha ukarudi kesho yake, jiandae kulipa upya. Ndiyo maana kundi langu linafika Mikumi mjini Jumamosi jioni, linalala nje ya hifadhi kwa bei nafuu, na kuingia getini Jumapili alfajiri. Tunalipa mara moja, tena asubuhi wanyama wanaonekana vizuri.

Daftari lenyewe

Gharama za safari:

- Coaster, siku mbili: 700,000
- Mafuta: 375,000
- Posho, chakula na malazi ya dereva: 120,000
- Muongozaji: 200,000
- Kiingilio cha gari, dereva na muongozaji: 105,000
- Jumla: 1,500,000

Gharama za kichwa: nusu ya chumba cha watu wawili 35,000, milo minne 40,000, kiingilio 5,900, maji ya njiani 4,100. Jumla ni 85,000.

Coaster niliyopata, nikishamtoa muongozaji, inabeba wateja 22. Wakija wote, kila mmoja anabeba kama 68,000 ya gharama za safari, na jumla yake ni kama 153,000. Wakija 14, kila mmoja anabeba kama 107,000, na jumla inafika 192,000. Tofauti ni karibu 39,000 kwa kichwa, na chakula hakijapanda wala dizeli haijapanda. Viti vimekaa wazi tu. Mimi nahesabia 14, idadi ambayo kwa uzoefu wangu hulipa kweli katika kundi lililosema "tutakuwa ishirini na kitu".

Kwa watu 14 gharama yote ni 2,690,000.

Akiba si faida

Wengi huongeza asilimia fulani mwishoni na kuiita faida, kisha pancha na foleni zinaimaliza. Mimi huanza na akiba, na sikisii: najiuliza gari likigoma Morogoro, kuwafikisha watu wote Dar kwa basi la abiria kutanigharimu nini. Tiketi 14 za 15,000 ni 210,000. Naongeza 60,000 ya dizeli kupanda na kilomita za ziada. Akiba ni 270,000, karibu asilimia 10 ya gharama. Sasa nina 2,960,000.

Faida nataka iwe asilimia 15 ya mauzo. Hapa usizidishe gharama kwa 1.15, maana hiyo ni asilimia 15 ya gharama, na ni ndogo zaidi. Gawanya kwa 0.85: unapata kama 3,482,000. Gawa kwa 14, ni karibu 249,000. Natangaza 250,000.

Bei hiyo inakwambia nini

Kila mteja akilipa 250,000 na kutumia 85,000, anabakiza 165,000 za kulipia gharama za safari. Wateja 9 wanaleta 1,485,000, umepungukiwa 15,000. Wa 10 anakuvusha, lakini anakuachia 150,000 tu, ambayo haifiki hata akiba. Ukiwa na 11 unabaki na 315,000, na akiba imetimia. Kwa hiyo chini ya 11 naahirisha.

Hesabu hiyohiyo inajibu maombi ya watu. Mratibu wa kundi akitaka kwenda bure, na kiti kipo, gharama yake kwangu ni 85,000, wala si 250,000. Naweza kumkubalia, lakini simhesabu kati ya wale 11. Wakizidi 22, gari la pili dogo, pamoja na mafuta na dereva wake, tuseme ni 600,000. Linahitaji watu 4 wa ziada ili lijilipe. Wakizidi mmoja hadi watatu tu, nafunga orodha.

Kianzio nacho nakitoa humohumo. Naomba 150,000 kwa kila mtu, ili wakilipa 10 tu, gharama zote za safari ziwe mkononi kabla sijampa mwenye gari hata shilingi. Siku ya mwisho ya kulipa ni Jumatatu kabla ya safari. Jioni hiyo nahesabu waliolipa, siwahesabu walioahidi: wakifika 11 napiga simu ya gari, wasipofika narudisha pesa zao na tunapanga tarehe nyingine.