Mkanda wa Jeshi: Hesabu ya Saa 72 Huanza Lini?

Msimu wa kung'oa na kupura ndengu ukifika, malalamiko ya maumivu ya mgongo na mbavu huwa ya kawaida katika vijiji vya Kitui na Makueni. Mtu huinama shambani kutwa nzima, jioni akabeba mtungi wa maji, na usiku ubavu ukimwuma hana sababu ya kushangaa. Hujipaka dawa ya kuchua, hunywa vidonge vya maumivu kutoka dukani, akasubiri. Mara nyingi huwa ni uchovu kweli. Lakini yapo maumivu ya upande mmoja ambayo chanzo chake si jembe wala mtungi, na yanayohitaji dawa ya aina nyingine kabisa. Hayo ni maumivu ya mkanda wa jeshi.

Ugonjwa ulikotoka

Mkanda wa jeshi huletwa na virusi vilevile vinavyoleta tetekuwanga. Mtu akiugua tetekuwanga, vipele hupona lakini virusi haviondoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu iliyo kando ya uti wa mgongo na kulala humo kwa miaka mingi bila kusumbua. Kinga ya mwili ndiyo inayovizuia. Kinga hiyo ikipungua, virusi huamka katika mzizi mmoja, vikafuata mshipa wake hadi kwenye ngozi.

Hii ndiyo sababu ya umbo la ugonjwa huu. Kila mshipa wa fahamu wa kiwiliwili hutoka mgongoni, huzunguka ubavu, na kuishia katikati ya kifua au tumbo. Mshipa wa kulia hauvuki kwenda kushoto. Kwa hiyo malengelenge hujipanga kama kipande cha mkanda upande mmoja tu na kukoma kwenye mstari wa katikati. Wapo wanaoamini kwamba ncha mbili za mkanda zikikutana mgonjwa hufa. Imani hiyo haina msingi. Malengelenge yakitokea pande zote mbili au yakitapakaa mwilini, maana yake ni kwamba kinga ya mgonjwa imepungua sana, naye anahitaji hospitali. Hakuna kifo kinachosubiri ncha zikutane.

Maumivu hutangulia

Kinachowapotosha wengi ni kwamba maumivu hufika kabla ya vipele. Kwa siku moja hadi tano hivi, ngozi haionyeshi kitu, lakini ndani kunaungua, kunachoma kama sindano, au kunawasha. Hata nguo ikigusa mahali hapo inauma. Kwa kuwa hakuna alama, maumivu ya kifua hudhaniwa kuwa nimonia au moyo, ya ubavu hudhaniwa kuwa figo, na ya tumbo la juu hudhaniwa kuwa vidonda vya tumbo.

Kisha ngozi hugeuka nyekundu, au kuwa nyeusi zaidi kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, na vipele vidogo hutokea kwa mafungu. Ndani ya siku moja au mbili vipele hivyo hujaa maji. Malengelenge huendelea kutokea kwa siku chache, halafu hukauka na kufanya magamba baada ya siku saba hadi kumi. Ngozi hupona kwa wiki mbili hadi nne.

Kuna jambo jingine linalofanana nalo. Baada ya mvua, mdudu mwembamba mwenye rangi nyekundu na nyeusi anayeitwa nzi wa Nairobi akipondwa juu ya ngozi huacha mstari wa malengelenge yanayochoma. Tofauti ipo. Kidonda cha nzi wa Nairobi hakitanguliwi na siku kadhaa za maumivu, mara nyingi hutokea mahali pasipofunikwa na nguo kama shingoni na usoni, na mstari wake unaweza kuvuka katikati ya mwili.

Mfano wa mgonjwa mmoja

Chukua mfano wa mama wa miaka 61, mkulima wa ndengu karibu na Kathonzweni. Jumatatu anahisi kuungua kuanzia mgongoni hadi chini ya titi la kulia. Anafikiri ni kuinama. Jumatano jioni, akioga, anaona vipele vyekundu vitano au sita mahali panapouma. Alhamisi asubuhi vimekuwa malengelenge, na vingine vimeongezeka ubavuni.

Dawa ya kupunguza nguvu za virusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Saa hizo huhesabiwa tangu kipele cha kwanza kilipoonekana, si tangu maumivu yalipoanza. Kwa mama huyu, hesabu ilianza Jumatano jioni na itaisha Jumamosi jioni. Asidhani kwamba amechelewa kwa sababu ameumwa tangu Jumatatu. Wala asiseme atasubiri hadi Jumatatu inayofuata, kwa maana zahanati nyingi hazifunguliwi wikendi, na Jumatatu muda utakuwa umepita. Siku zake ni Alhamisi na Ijumaa.

Akifika kituoni Ijumaa, afisa wa kliniki hahitaji mashine kumtambua. Humwuliza maumivu yalianza lini, humvua nguo sehemu hiyo, na kutazama kama malengelenge yako upande mmoja na kama yamekoma katikati. Kisha humwandikia asaikloviri. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba. Anaweza kunywa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku.

Hapa ndipo matibabu mengi huharibika. Vidonge vya asaikloviri huja vikiwa na miligramu 200 au 400. Kwa vidonge vya 400, mama huyu anahitaji viwili kila mara, yaani kumi kwa siku na 70 kwa matibabu yote. Kwa vidonge vya 200 anahitaji 140. Anayepewa pakiti ya vidonge 25 na kuambiwa anywe kimoja kimoja amepewa kipimo cha ugonjwa mwingine, ule wa malengelenge ya mdomoni au sehemu za siri, na hakimtoshi. Krimu ya asaikloviri ya kupaka nayo haitibu mkanda wa jeshi, kwa sababu virusi viko ndani ya mshipa.

Mgonjwa anywe maji ya kutosha kila siku anapotumia dawa hii, maana hutoka mwilini kupitia figo, na katika joto la Ukambani mwili hukauka upesi. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema ili apunguziwe kipimo.

Aliyepitwa na saa 72 asikate tamaa. Kama malengelenge mapya bado yanatokea, kama kinga yake ni dhaifu, au kama ugonjwa uko usoni, dawa bado hutolewa.

Maumivu yanayobaki

Asaikloviri hufupisha ugonjwa na kupunguza maumivu ya wiki za kwanza. Haimhakikishii kila mtu kwamba maumivu hayatabaki. Kwa wengine, hasa wenye umri mkubwa, ngozi hupona lakini mshipa ulioumizwa huendelea kuchoma kwa zaidi ya miezi mitatu. Mgonjwa hashindwi kuinuka tu, hata usingizi humkataa.

Maumivu haya ni ya mshipa wa fahamu, ndiyo maana vidonge vya kawaida vya dukani huenda visiyatulize. Zipo dawa zake, kama amitriptilini inayoanzwa kwa kipimo kidogo usiku, au gabapentini. Hutolewa kwa cheti na kuongezwa polepole. Mgonjwa arudi kituoni aseme wazi kwamba kidonda kimepona lakini maumivu yamebaki.

Walio katika hatari zaidi

Yeyote aliyewahi kuugua tetekuwanga anaweza kupata mkanda wa jeshi. Hatari hupanda baada ya miaka 50, kwa kuwa kinga hupungua kadiri umri unavyosonga. Walio katika hatari pia ni wenye kisukari, wanaotibiwa saratani, wanaotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, na wanaoishi na VVU.

Kuhusu VVU, utafiti uliofanywa Nairobi katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mkanda wa jeshi mara nyingi ulikuwa dalili ya kwanza kwa watu ambao hawakujua hali yao. Kwa hiyo kijana wa miaka 28 mwenye mkanda wa jeshi hushauriwa apimwe VVU siku hiyohiyo. Kupimwa si kuhukumiwa. Wapo wengi wanaougua mkanda wa jeshi bila VVU. Lakini akipatikana navyo akiwa bado na nguvu, huanza dawa mapema. Aliyeanza ARV karibuni naye anaweza kupata mkanda wa jeshi katika miezi ya kwanza, kinga inapoamka. Hiyo si sababu ya kuacha dawa.

Chanjo ya mkanda wa jeshi ipo duniani, lakini haimo katika ratiba ya chanjo za kawaida nchini Kenya. Ndiyo maana kuwahi kituoni kuna uzito mkubwa.

Nyumbani, na wakati wa kukimbilia hospitali

Malengelenge yaoshwe taratibu kwa maji safi na sabuni, yakaushwe, kisha yafunikwe kwa kitambaa safi cha pamba kisichobana. Yasipasuliwe. Majivu, dawa ya meno, tumbaku na asidi ya betri huchoma ngozi na kuingiza vijidudu, na kidonda kikishatunga usaha kovu huwa kubwa.

Maji ya malengelenge yana virusi. Hayampi mtu mwingine mkanda wa jeshi, ila yanaweza kumpa tetekuwanga yule ambaye hajawahi kuiugua. Mpaka magamba yakauke yote, mgonjwa asimbebe mtoto mchanga, na akae mbali na mjamzito ambaye hajaugua tetekuwanga na mtu mwenye kinga dhaifu.

Hali zifuatazo hazingoji zahanati ifunguliwe. Mgonjwa apelekwe siku hiyohiyo katika hospitali iliyo karibu, au katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko mjini Kitui kwa wakazi wa Kitui, na Wote kwa wakazi wa Makueni:

- Malengelenge kwenye paji la uso, karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, kwani mshipa huo hufika pia kwenye jicho na mtu anaweza kupofuka.
- Malengelenge sikioni pamoja na uso kupinda upande mmoja.
- Malengelenge yaliyotapakaa au yaliyo pande zote mbili za mwili.
- Homa kali, kuchanganyikiwa, au shingo kukakamaa.
- Mkanda wa jeshi kwa mjamzito.

Kwa wengine wote, utaratibu ni mwepisi kukumbuka. Ubavu ukiuma upande mmoja bila sababu, ngozi itazamwe kila asubuhi na jioni, mgongoni pia, kwa msaada wa mtu wa nyumbani. Kipele cha kwanza kikionekana, siku na saa ziandikwe. Mhudumu wa kituoni atauliza hilo kwanza.