"Lie" na "lay": simba aliyetaka kutagishwa mayai

Vitenzi vya Kiingereza "lie" na "lay" huwachanganya hata waliozaliwa na lugha hiyo, na chanzo ni kimoja: neno "lay" lina kazi mbili. Kwanza ni kitenzi kamili chenye maana ya kulaza au kuweka. Pili, ni umbo la wakati uliopita la "lie", yaani kulala. Kulala huenda hivi: "lie, lay, lain". Kulaza huenda hivi: "lay, laid, laid". Vijitabu vya sarufi vinavyopangwa kando ya barabara huchora safu mbili, "lie" huku na "lay" kule, vikaishia hapo. Wakati uliopita havigusi, na shimo lenyewe liko huko.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kuandaa kipeperushi cha kambi ya watalii, akaandika: "The lion lay under the acacia all afternoon." Nakala ilirudi kutoka kwa mteja na wino mwekundu. "Lay" imekatwa, juu yake pameandikwa "laid", na pembeni kuna maelezo kwamba jambo limekwisha kupita, kwa hiyo lazima neno liishie na "d". Kikagua tahajia cha kompyuta hakikumtetea mtu, kwa kuwa maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Ubishi ulichukua siku mbili za simu, na katika ubishi huo ndipo ilipopatikana njia ambayo haimo katika vijitabu vile.

Njia yenyewe ni kupitia Kiswahili. Kiswahili hutenganisha lala na laza kwa sauti moja tu, ile "z" ya kusababisha: mtoto analala, mama anamlaza mtoto. Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na jozi ya namna hiyohiyo, na "lay" ilizaliwa kama kitenzi cha kusababisha cha "lie". Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuigeuza sentensi iwe ya Kiswahili. Ikitoka lala, kitenzi ni "lie". Ikitoka laza, kitenzi ni "lay". Simba alilala chini ya mgunga; hakumlaza mtu. Hapo ni "lie".

Hatua ya pili ni kuuliza wakati, na hatua hii hufuata ile ya kwanza, kamwe haiitangulii. Kitenzi kikishajulikana kuwa "lie", wakati uliopita wake ni "lay". Aliyeweka "laid" alianza na wakati, akatafuta "d", akasahau kuuliza ni kitenzi gani.

Njia hii ina mitego miwili. Mswahili husema pia "simba alijilaza", na "z" inaonekana waziwazi. Lakini kile kiambishi "ji" ndicho kinacholazwa: simba amejilaza mwenyewe. Kiingereza kisipomtaja huyo mwenyewe kwa neno "itself", kitenzi kinabaki "lie". Mtego wa pili ni kazi ambazo Kiswahili kimezipa vitenzi vyake: kuku hutaga, fundi hupanga matofali, mhudumu huandaa meza, na zote kwa Kiingereza ni "lay". Hapo "z" haisaidii. Swali la kuuliza ni "nini?" Kuku hutaga nini? Mayai. Jibu likipatikana, ni "lay".

Hatua ya tatu ingekuwa "lain", umbo linalofuata "has" na "had", lakini mteja hakufika huko. Aliulizwa swali moja tu kwenye simu: simba alilaza nini? Akanyamaza. Akaelezwa kwamba msomaji Mwingereza akikutana na "laid" isiyotajiwa kitu, fikra zake zinaweza kwenda kwenye mayai. Kipeperushi kilichapishwa na "lay" yake. Radhi haikuombwa, malipo yalichelewa wiki tatu, ila simba alibaki amelala.

Jozi nyingine mbili hazihitaji simu ndefu. "Fewer" ni ya vinavyohesabika, mahali pa wachache au vichache; "less" ni ya kisichohesabika, mahali pa kidogo: watu wachache, maji kidogo. Fedha, umbali na muda, ingawa vina tarakimu, huchukuliwa kama kiasi kimoja, kwa hiyo husemwa "less than five kilometres".

"Affect" kwa kawaida ni kuathiri, na "effect" ni athari. Kasoro ya kukumbuka ni "effect" inapokuwa kitenzi, kwa maana ya kuleta au kutimiza. "To effect change" ni kuleta mabadiliko, na "to affect change" ni kuyaathiri mabadiliko ambayo tayari yapo. Kikagua tahajia huyapitisha yote mawili.