Tuni ipo, jina halipo: jinsi ya kuutambua wimbo unaogunwa tu

Somo la kwaya wiki hii limetokana na mama mmoja mzee hapa Vaughan. Maneno mengi yamempotea tangu alipopata kiharusi, lakini kila jioni huguna wimbo mmoja, midomo imefumbwa. Binti yake aliniomba tuutafute, ili wauimbe pamoja mama angali nao.

Kosa la kwanza lilikuwa letu. Tuliketi karibu naye tukaanza kukisia: "Mama, ni huu? Ni huu?" Kila tulipoimba, alitufuata sisi, na tuni yake ikachafuka. Kwa hiyo mrekodi mtu kwanza kwa simu, kabla hujafungua kinywa chako.

Kesho yake, kabla hatujaimba lolote, binti alimrekodi. Nikasikiliza nikiwa na kalamu. Kila noti niliilinganisha na ile iliyotangulia tu: ikipanda naandika J (juu), ikishuka C (chini), ikirudiwa S (sawa). Noti ya kwanza haina ya kulinganishwa nayo, basi ni nyota. Huhitaji kujua solfa, wala haijalishi kama ameanzia juu au chini. Mwingereza Denys Parsons alitoa kitabu kizima cha tuni kwa njia hii mwaka 1975, akitumia herufi za Kiingereza: u ni juu, d ni chini, r ni kurudia. Tovuti ya Musipedia hutafuta kwa herufi hizo hizo. Nilipata hivi:

```
*uddddduududd
```

Nikatafuta, na sikuambulia kitu cha maana. Nilirudia kusikiliza mara nyingi kabla sijaelewa. Tunapoimba maneno, silabi ndiyo inayotenganisha noti mbili zilizo sawa. Mtu anayeguna hana silabi, kwa hiyo "so, so" huwa "sooo" moja ndefu, na herufi zote za kurudia hupotea. Dalili yake ni noti inayokaa muda mrefu kuliko jirani zake bila sababu. (Inaweza kweli kuwa noti ndefu, ndiyo maana huwezi kukisia.) Dawa ni kumwomba aimbe "la, la, la", au apige kidole mezani kwa kila noti. Mama yetu alipiga kwa mkono wa kushoto, ulio mzima, na pale nilipokuwa nimehesabu noti 13 zikatokea 15.

Tena zilijigawa zenyewe: noti 8, akavuta pumzi, kisha 7. Hicho ni kipimo cha nyimbo nyingi sana, kwa hiyo peke yake hakitoi jibu, ila hupunguza orodha. Kwa solfa mistari hiyo miwili ni: so so la so mi do do la, kisha so do mi do so mi re. Herufi sasa zikawa:

```
*rudddrdduududd
```

Umbo lake ukimwelezea mtu kwa mdomo ni hili: unaanzia juu, unagusa kidogo juu zaidi, kisha unateremka mpaka so ya chini, oktavu nzima chini ya ulipoanzia. Halafu unapanda tena kwa hatua pana, do, mi, mpaka so ya juu, na kuishia re, kama sentensi isiyokwisha. Mteremko huo mrefu ndio alama yake. Herufi peke yake hazikuonyeshi ni hatua ndogo au ruka kubwa, kwa hiyo herufi tano au sita za mwanzo hukuletea tuni nyingi zisizohusiana. Andika mistari miwili.

Tuni inaitwa Converse, kwa jina la Charles Converse aliyeitunga mwaka 1868. Sisi tunaijua kwa "Yesu kwetu ni rafiki": hesabu silabi, ni 8. Na maneno yake ya Kiingereza ni ya hapa hapa Ontario! Joseph Scriven, mhamiaji kutoka Ireland aliyeishi upande wa Port Hope, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa gari kutoka kwetu, aliyaandika kumfariji mama yake aliyebaki ng'ambo.

Lakini jina la tuni si jina la wimbo. Tuni moja hubeba maneno mengi, na mama huenda aliyajua mengine. Kuhakikisha, usimwimbie wimbo mzima, maana atakufuata tu. Binti aliimba mstari wa kwanza kwa maneno, akanyamaza pale kwenye noti ya nane. Tukangoja kidogo. Mama akaendelea na mstari wa pili, na safari hii midomo haikuwa imefumbwa.